Kunakili Faili Bila Kupoteza Tarehe Zake za Kurekebishwa: Mwongozo Kamili

Mtu anayehamisha folda ya kazi ya miaka mingi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine hugundua mara nyingi kwamba yaliyomo yamefika salama, lakini safu ya tarehe inaonyesha siku ya leo kwa kila faili. Mkataba ulioandikwa mwaka 2019 na barua ya wiki iliyopita sasa vina tarehe moja, na kupanga faili kwa mpangilio wa wakati hakuna maana tena. Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: folda iitwayo `Miradi` inatoka kwenye kompyuta ya Windows, inapita kwenye diski ya nje, na kuishia kwenye kompyuta ya Linux. Njia hiyo nimeichagua kwa sababu inakutana na karibu kila jambo linaloweza kubadilisha tarehe.

## Tarehe haimo ndani ya faili

Tarehe unayoiona kwenye safu ya `Date modified` si sehemu ya yaliyomo kwenye faili. Ni maelezo yanayotunzwa pembeni na mfumo wa faili, yaani utaratibu unaotumiwa na diski kupanga na kukumbuka kilichohifadhiwa ndani yake, kama vile NTFS kwa Windows, ext4 kwa Linux, au exFAT kwa diski nyingi za nje. Unaponakili faili, kompyuta haisogezi kitu kilekile. Inaunda faili mpya mahali pengine na kuandika humo baiti zilezile. Kwa mfumo wa faili wa upande wa pili, faili hiyo imeandikwa sasa hivi, kwa hiyo inapewa tarehe ya sasa hivi. Tarehe ya zamani hubaki tu ikiwa programu inayonakili itaisoma kutoka kwenye faili ya asili na, baada ya kumaliza kuandika, kuirudisha kwenye faili mpya kwa makusudi. Programu isiyofanya hatua hiyo ya mwisho haijaharibika. Haikuombwa tu kuifanya.

Kuhamisha faili ndani ya diski hiyohiyo ni jambo tofauti, kwa sababu hapo hakuna faili mpya inayoundwa. Ni njia ya kuifikia tu inayobadilishwa, na tarehe ya kurekebishwa hubaki ilivyokuwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuhamisha faili kwa miaka bila tatizo, kisha siku anapotumia diski ya nje tatizo likajitokeza.

Ni muhimu pia kutochanganya tarehe zenyewe. Windows hutunza tarehe ya kuundwa, tarehe ya kurekebishwa na tarehe ya kufunguliwa mara ya mwisho. Ukinakili kwa kuburuta faili kwenye dirisha la kawaida la Windows, tarehe ya kurekebishwa hubaki ileile, lakini tarehe ya kuundwa huwa ya wakati ule wa kunakili. Matokeo yake ni faili inayoonekana kurekebishwa mwaka 2019 na kuundwa leo. Hilo huwashangaza wengi, ilhali ni alama ya kawaida kabisa ya faili iliyonakiliwa. Kabla ya kuamini kwamba tarehe zimepotea, bofya kichwa cha safu kwa kitufe cha kulia na uhakikishe unatazama `Date modified`, si `Date created` wala safu iitwayo `Date` pekee, ambayo kwa picha huweza kuonyesha siku picha ilipopigwa.

Folda zina tabia yake. Tarehe ya kurekebishwa ya folda hubadilika kila faili inapoongezwa au kuondolewa ndani yake. Unaponakili folda, folda mpya huundwa kwanza, kisha faili huingizwa humo moja baada ya nyingine, na kila faili inayoingia inaisukuma tarehe ya folda mbele. Kwa hiyo programu inayotaka kulinda tarehe za folda lazima isubiri hadi faili zote ziwe zimeingia ndipo iziandike. Dirisha la kawaida la Windows halifanyi hivyo, na hiyo ndiyo sababu mara nyingi faili huwa sawa huku folda zote zikiwa na tarehe ya leo.

## Hatua ya kwanza: andika orodha ya tarehe kabla ya kugusa chochote

Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuwa inaonekana kama kazi ya ziada. Mimi naiona kuwa ya lazima, kwa sababu bila orodha ya awali huna namna ya kuthibitisha kwamba faili elfu kadhaa zimefika na tarehe zake. Utatazama tano au sita tu na kuridhika. Fungua PowerShell kwenye kompyuta ya Windows na uandike:

```
Set-Location D:\Miradi
Get-ChildItem -Recurse -File -Force | ForEach-Object {
  $_.LastWriteTimeUtc.ToString('yyyy-MM-dd HH:mm:ss') + ' ' +
  (Resolve-Path -LiteralPath $_.FullName -Relative)
} | Set-Content $HOME\kabla.txt -Encoding UTF8
```

Amri hii inapita kwenye kila faili ndani ya folda na kuandika tarehe yake pamoja na njia yake kwenye faili iitwayo `kabla.txt`. Nimetumia makusudi saa ya UTC, ambayo haitegemei mahali kompyuta ilipo, badala ya saa inayoonekana kwenye skrini. Sababu ya uchaguzi huo itakuwa wazi tutakapofika kwenye tofauti za saa kamili.

## Hatua ya pili: jua diski ya nje imepangwa kwa mfumo gani

Bofya diski ya nje kwa kitufe cha kulia, chagua `Properties`, na usome mstari wa `File system`. Ikiwa ni NTFS au exFAT, endelea. Ikiwa ni FAT32, tafadhali soma aya zinazofuata kabla ya kuitumia, maana mfumo huo wa zamani una udhaifu mara mbili katika kutunza wakati.

Udhaifu wa kwanza ni mdogo. FAT huhifadhi saa ya kurekebishwa katika biti 16: biti 5 kwa saa, biti 6 kwa dakika na biti 5 kwa sekunde. Biti 5 haziwezi kuhesabu zaidi ya 31, kwa hiyo sekunde huhifadhiwa kwa jozi, na sekunde ya 37 haina mahali pake. Faili iliyorekebishwa saa 16:42:37 itasomeka 16:42:36 au 16:42:38. Kwa macho ya mtu hiyo si kitu. Kwa programu inayolinganisha faili mbili ili kujua ipi imebadilika, faili hizo si sawa, na inaweza kuinakili upya kila mara unapoiendesha.

Udhaifu wa pili ndio unaoleta matatizo ya kweli. NTFS na ext4 huhifadhi wakati kwa UTC, kisha kompyuta huugeuza kuwa saa ya eneo wakati wa kuuonyesha. FAT huhifadhi namba za saa kama zilivyoonekana kwenye saa ya kompyuta iliyoandika, bila kutaja saa hiyo ni ya eneo gani. Chukulia kwamba faili `mkataba.docx` ilirekebishwa tarehe 14 Machi 2019 saa 16:42 kwenye kompyuta iliyowekwa saa tatu mbele ya UTC, yaani saa 13:42 kwa UTC. Diski ya FAT32 itaandika 16:42 tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta iliyowekwa saa moja mbele ya UTC, nayo itasoma 16:42 na kuichukulia kuwa ya eneo lake, ambayo kwa UTC ni 15:42. Skrini inaonyesha namba ileile, kwa hiyo huoni kosa. Lakini mara faili inapoandikwa kwenye NTFS au ext4, saa mbili za ziada zinakuwa zimeingia kwenye kumbukumbu. Kompyuta hiyo ikirudishwa kwenye saa za eneo la kwanza, faili itasomeka 18:42.

Kinyume chake, kwenye diski ya NTFS faili hiyohiyo ingeonyesha 14:42 kwenye kompyuta ya pili, na mtu angedhani tarehe imeharibika, ilhali ni wakati uleule uliosomwa kwa saa ya eneo jingine. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Mfumo wa exFAT nao huandika saa ya eneo, lakini una nafasi ya kuandika pia tofauti ya saa hiyo na UTC, na kwa tarehe ya kurekebishwa unaweza kutofautisha hadi milisekunde 10. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa unasomwa na Windows, macOS na Linux za sasa, ndio ninaoupendekeza kwa diski inayosafiri kati ya mifumo tofauti. Kubadilisha FAT32 kuwa exFAT kunafuta kila kitu kilichomo kwenye diski, kwa hiyo fanya hivyo tu kwa diski tupu. Ikiwa huna budi kutumia FAT32, weka kompyuta zote mbili kwenye saa za eneo moja hadi kazi ya kunakili iishe.

## Hatua ya tatu: nakili kwa Robocopy

Windows huja na programu ya mstari wa amri iitwayo `robocopy`, ambayo inalinda tarehe za faili na, ikiombwa, tarehe za folda pia. Kwanza ifanye ionyeshe tu inachokusudia kufanya, kwa kuongeza `/L`:

```
robocopy "D:\Miradi" "E:\Miradi" /E /COPY:DAT /DCOPY:DAT /R:2 /W:5 /L
```

Ukiridhika na orodha inayotokea, endesha amri hiyohiyo bila `/L`. Maana ya kila sehemu ni hii. `/E` inaingiza folda zote za ndani, hata zilizo tupu. `/COPY:DAT` inanakili yaliyomo, sifa za faili na nyakati zake. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya programu hata usipoiandika, lakini kuiandika kunaondoa shaka. `/DCOPY:DAT` ndiyo inayosahauliwa: usipoitaja, Robocopy inanakili folda pamoja na sifa zake bila nyakati zake, na folda zote zinabaki na tarehe ya leo. `/R:2` na `/W:5` zinaiambia ijaribu tena mara mbili tu, kwa kusubiri sekunde 5, pale faili inapokataa kusomeka. Bila hizo itajaribu mara milioni moja kwa kusubiri sekunde 30 kila mara, na faili moja iliyofunguliwa na programu nyingine inaweza kuisimamisha kazi nzima usiku kucha.

Ikiwa diski ya nje ni FAT32, ongeza `/FFT`, ili tofauti ya sekunde 2 isihesabiwe kuwa badiliko. Ikiwa tofauti inayojirudia ni ya saa moja kamili inayotokana na majira ya kusogeza saa mbele na nyuma, kuna `/DST` kwa ajili hiyo.

Kuna mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza, usimalizie njia kwa mkwaju ndani ya alama za kunukuu, kama `"D:\Miradi\"`, kwa kuwa mkwaju ulio mbele ya alama ya kufunga huifanya alama hiyo isomwe kama sehemu ya jina, na amri yote huvurugika. La pili, utakutana na watu wanaopendekeza `/MIR`. Hiyo hufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, pamoja na kufuta kule chochote kisichokuwepo huku; kwa kunakili tu haihitajiki.

Faida nyingine ya Robocopy juu ya kuburuta faili kwa kipanya ni kwamba kati ya diski mbili za NTFS hulinda hata tarehe ya kuundwa, kwa kuwa herufi T inahusu nyakati zote za faili na si ile ya kurekebishwa pekee.

## Hatua ya nne: linganisha

Rudia amri ya hatua ya kwanza, lakini uanze na `Set-Location E:\Miradi` na uandike matokeo kwenye `$HOME\baada.txt`. Kisha:

```
Compare-Object (Get-Content $HOME\kabla.txt) (Get-Content $HOME\baada.txt)
```

Amri hii ikimaliza bila kuonyesha chochote, kila faili imefika na tarehe yake hadi kiwango cha sekunde. Ikionyesha mistari, usiogope wingi wake. Tazama tofauti ni ya namna gani, kwa kuwa kila sababu huacha alama yake. Tofauti ya sekunde moja au mbili katika faili nyingi inatoka FAT. Tofauti ya saa kamili, ileile kwa faili zote, ni suala la saa za eneo. Tarehe za leo kwenye faili zote zinaonyesha kwamba programu iliyonakili haikurudisha tarehe. Tarehe ya leo kwenye faili chache tu ina maana kwamba faili hizo zimeguswa kweli, labda na programu inayohifadhi yenyewe mara hati inapofunguliwa. Kuhusu tarehe ya 1 Januari 1980 au 1 Januari 1970, hizo ni mwanzo wa kalenda ya FAT na ya Unix, kwa mfuatano huo; zinapotokea, kwa kawaida tarehe halisi haikuandikwa mahali fulani njiani, na kilichosomwa ni sifuri.

Usifute folda ya asili kabla hatua hii haijapita, wala usitumie kukata na kubandika badala ya kunakili. Mradi folda ya asili ipo, kila kosa la tarehe linarekebishika kwa dakika chache. Ikishafutwa, hali inakuwa ngumu zaidi, kama tutakavyoona.

## Hatua ya tano: ingiza kwenye Linux

Hapa ndipo tarehe nyingi hupotea, kwa kuwa amri ambayo kila mtu anaijua, `cp -r`, hairudishi tarehe. Inanakili vizuri na kuacha kila faili na wakati wa sasa. Kwa `cp`, herufi inayotakiwa ni `-p`, au `-a` ambayo inaijumuisha. Hata hivyo kwa folda kubwa napendelea `rsync`, kwa kuwa ikikatika katikati unaweza kuiendesha tena na ikaendelea na zilizobaki:

```
rsync -rt --modify-window=1 /media/diski/Miradi/ ~/Miradi/
```

Herufi `r` ni ya kuingia kwenye folda za ndani na `t` ndiyo inayolinda nyakati, za faili na za folda vilevile. Miongozo mingi huandika `-a`, ambayo pia ina `t` ndani yake. Lakini `-a` hubeba na ruhusa za faili, na diski ya exFAT haina ruhusa za kweli za kubeba. `--modify-window=1` inaruhusu tofauti ya sekunde moja, kwa ajili ya FAT. Angalia pia mkwaju wa mwisho baada ya `/media/diski/Miradi/`: ukiwepo, yaliyomo ndani ya folda ndiyo yananakiliwa, usipokuwepo, folda yenyewe inaingizwa na unapata `Miradi/Miradi`.

Kusoma tarehe kwa ukamilifu kwenye Linux tumia `stat mkataba.docx`. Utaona mstari wa `Modify`, ambao ndio tunaoulinda, na mstari wa `Change`, ambao utakuwa wa leo hata ukifanya kila kitu kwa usahihi. Huo wa pili unarekodi lini maelezo ya faili yalipobadilishwa mara ya mwisho. Mfumo wenyewe huuandika na hauna amri ya kawaida ya kuurudisha nyuma. Hata kitendo cha kurudisha tarehe ya kurekebishwa chenyewe huusogeza mbele.

## Pale diski ya nje isipokuwepo

Njia nyingine za kuhamisha zinafuata kanuni ileile: je, aliyeandika upande wa pili amepewa tarehe, na ameirudisha? Ukinakili kwa mtandao kati ya kompyuta mbili, `scp` haitunzi tarehe hadi uiandike `scp -p`, na ndani ya `sftp` vilevile amri za `get` na `put` huhitaji `-p`. Kiambatisho cha barua pepe huhifadhiwa kwa tarehe ya siku ulipokipakua. Vivinjari navyo kwa kawaida huipa faili iliyopakuliwa wakati wa kupakua, ingawa seva nyingi hutaja tarehe ya faili. `wget` huitumia tarehe hiyo bila kuombwa, na `curl` huitumia ukiongeza `-R`.

Kwa njia zote ambazo huna uhakika nazo, kama hifadhi ya mtandaoni au kebo ya simu, suluhisho bora ni kufunga folda nzima ndani ya faili moja kabla ya kuituma. Tarehe zinaandikwa ndani ya kifurushi, na kinachoweza kubadilishwa njiani ni tarehe ya kifurushi chenyewe tu, ambayo haina umuhimu. Kwa kazi hii nachagua `tar` badala ya `.zip`. Muundo wa msingi wa zip ulirithi namna ya FAT ya kuandika wakati, pamoja na sekunde za jozi na saa ya eneo isiyotajwa. Programu nyingi huongeza wakati sahihi kwenye sehemu ya ziada, lakini huwezi kujua kama programu ya upande wa pili itaisoma. `tar` huandika idadi ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa UTC, na hakuna nafasi ya kutoelewana. Windows 10 imekuwa nayo tangu toleo la 1803 la mwaka 2018:

```
tar -cf E:\miradi.tar -C D:\ Miradi
tar -xf miradi.tar
```

Mstari wa kwanza unafunga kwenye Windows, na wa pili unafungua kwenye Linux, macOS au Windows nyingine. Diski ikiwa ni FAT32, kumbuka kwamba haipokei faili moja inayofika GB 4, na kifurushi cha namna hii hufikia kiwango hicho haraka.

## Kama tarehe zimeshabadilika

Tuseme `Miradi` iliingizwa Linux kwa `cp -r` na faili zote zina tarehe ya leo, lakini diski ya nje bado iko na tarehe zake sahihi. Hakuna haja ya kufuta na kunakili upya. `rsync` inaweza kulinganisha yaliyomo na kurekebisha tarehe pekee pale yaliyomo yanapofanana. Anza na jaribio lisilobadilisha kitu:

```
rsync -rtcni /media/diski/Miradi/ ~/Miradi/
```

Herufi `c` inailazimisha kusoma yaliyomo pande zote mbili badala ya kuamini ukubwa na tarehe, `n` inaizuia kuandika, na `i` inaifanya ieleze ingefanya nini kwa kila faili. Mstari unaoanza na `.f..t` una maana kwamba faili ni ileile na tarehe tu ndiyo itakayorekebishwa. Mstari unaoanza na `>f` ni onyo: faili hiyo ingeandikwa upya kutoka kwenye diski. Ikiwa kuna mtu aliyeshaanza kuhariri hati kwenye Linux, hati zake ndizo zitakazoonekana hivyo, na ukiendelea bila kuangalia, kazi yake itafunikwa na toleo la zamani. Ziweke pembeni kwanza, kisha endesha amri bila `n`. Usomaji wa yaliyomo yote huchukua muda kwa folda kubwa. Wapo wanaotumia `--size-only` badala ya `c` ili kuharakisha, nami siipendekezi kwa folda ambayo imeshaanza kutumika, kwa kuwa faili mbili zenye ukubwa sawa si lazima ziwe na maneno sawa.

Kwa faili moja au mbili, `touch -r` inatosha: inachukua tarehe ya faili ya kwanza na kuipa ya pili.

```
touch -r /media/diski/Miradi/mkataba.docx ~/Miradi/mkataba.docx
```

Upande wa Windows, kuendesha tena amri ileile ya Robocopy kunatosha, kwa kuwa yenyewe hulinganisha ukubwa na tarehe, na faili zenye tarehe tofauti huzinakili upya pamoja na tarehe zake. Tahadhari ya hati zilizohaririwa inahusu hapa pia, na zaidi, maana Robocopy haisomi yaliyomo kabla ya kuamua. Iendeshe kwanza na `/L`.

Faili za asili zikiwa zimeshafutwa, orodha ya `kabla.txt` inakuwa kumbukumbu pekee ya tarehe hizo, isipokuwa kwa aina chache za faili zinazobeba wakati ndani ya yaliyomo. Picha za kamera na simu kwa kawaida zina wakati wa kupigwa, na programu ya `exiftool` inaweza kuuhamishia kwenye tarehe ya faili:

```
exiftool -r "-FileModifyDate<DateTimeOriginal" Picha
```

Tarehe hiyo ni ya kupigwa kwa picha, wala si ya marekebisho yaliyofanyika baadaye, na mara nyingi haitaji saa za eneo, kwa hiyo kompyuta itaichukulia kuwa ya eneo lake yenyewe. Picha zilizopita kwenye programu za kutumiana ujumbe mara nyingi huwa zimeondolewa maelezo hayo, na hapo `exiftool` haina cha kusoma. Hati za `.docx` na `.xlsx` nazo hubeba ndani yake wakati zilipohifadhiwa mara ya mwisho, na unaweza kuusoma kwenye ukurasa wa `Info` wa programu iliyoziandika. Usibonyeze kuhifadhi wakati wa kutoka, maana papo hapo wakati huo nao utaandikwa upya.